"Bidii yenyewe ni ipi?" Maoni mafupi ya kuandika kwenye ripoti za wanafunzi

Shikamoo Mwalimu. Nafundisha darasa la nne katika shule ya kijijini mkoani Morogoro. Nina wanafunzi 74. Wiki ijayo tunafunga muhula wa kwanza na ripoti zote zinatakiwa ziwe na maoni yangu. Muhula uliopita niliandika "Ongeza bidii" kwa walio chini, "Wastani mzuri" kwa wa katikati, na "Hongera, endelea hivyohivyo" kwa walio juu. Juzi mama mmoja alikuja na ripoti tatu za binti yake, zote zimeandikwa "Ongeza bidii", akaniuliza: "Mwalimu, bidii yenyewe ni ipi?" Nilikosa jibu. Huyo binti alipata 9 kati ya 50 katika Hisabati mwezi Machi, safari hii amepata 14. Naomba maneno mafupi ya kuwatia moyo watoto wa makundi yote matatu, na yasiwe ya uongo. Nafasi niliyonayo ni mistari miwili tu.
Mwalimu wa Darasa, Morogoro

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na huyo binti, kwa sababu mama yake ameuliza swali zuri kuliko maswali mengi niliyoulizwa na wakaguzi. Kabla hujaandika chochote, itafute karatasi yake ya mtihani. Alama 14 hazikwambii kitu. Karatasi ndiyo itakayokwambia 14 zilitoka wapi na 36 zilipotelea wapi.

Nikupe mfano wa kosa ambalo nimekutana nalo darasa la tatu na la nne miaka yote niliyofundisha. Swali ni 503 kutoa 278. Mtoto anaandika 375. Ukiweka alama ya kosa na kupita, utadhani amebahatisha. Tazama tena. Kwenye mamoja kuna 3 na 8, yeye amechukua 8 akatoa 3, akapata 5. Kwenye makumi kuna 0 na 7, ameandika 7. Kwenye mamia 5 kutoa 2 ni 3. Hakubahatisha hata kidogo: kila safu ametoa ndogo kutoka kubwa, bila kujali ipi iko juu. Huyu anajua kutoa. Ambacho hajajua ni kukopa, na hapa amekutana na kukopa kugumu zaidi, maana kwenye makumi kuna sifuri na inambidi aende mpaka kwenye mamia. Jibu sahihi ni 225, na kati yake na hilo jibu kuna kitu kimoja tu cha kufundishwa.

Ukikuta hivyo kwenye karatasi ya binti wa huyo mama, maoni yako yanakuja yenyewe:

"Amepanda kutoka 9 hadi 14. Kutoa bila kukopa anajua. Sasa tunajifunza kutoa kwa kukopa. Nyumbani afanye maswali mawili kila siku."

Hesabu maneno yake uone kama hayaenei mistari miwili. Ndani yake mna mambo matatu: hatua aliyopiga, anachokiweza tayari, na kazi inayofuata. Hakuna uongo. Kwa madaraja tuliyozoea shule za msingi, 0 hadi 10 ni E na 11 hadi 20 ni D, kwa hiyo binti ametoka daraja moja akaingia jingine, na mpaka leo hakuna aliyemwambia. Mama naye amepata jibu: bidii yenyewe ni maswali mawili ya kutoa, kila siku.

Karatasi inaweza pia kukuonyesha jambo tofauti kabisa. Ukiona maswali ya namba tupu ameyajaribu, lakini mafumbo ya maneno ameyaacha wazi yote, usiandike lolote kuhusu Hisabati kwanza. Mwite wakati wa mapumziko, msomee fumbo moja kwa sauti, polepole. Akilijibu, tatizo lake ni kusoma. Hapo utaandika: "Akisomewa swali analijibu. Sasa tunamsaidia asome mwenyewe; jioni asome ukurasa mmoja kwa sauti, yeyote nyumbani amsikilize." Nimesema "amsikilize" kwa makusudi. Kusikiliza anaweza hata bibi asiyejua kusoma.

Sasa nikuambie kuhusu lugha yenyewe, maana Kiswahili kimetupa chombo ambacho walimu wengi tunakiacha sandukuni. Linganisha "hajui kusoma" na "hajajua kusoma". Tofauti ni silabi "-ja-" na irabu ya mwisho tu. Ya kwanza imefunga mlango, ya pili inasema jambo liko njiani. "Hawezi kugawanya" na "hajaweza kugawanya". "Haelewi" na "hajaelewa". Zote ni kweli kwa mtoto yuleyule siku ileile, na haya ndiyo maneno ya kutia moyo yasiyo ya uongo unayoyatafuta. Kwa walio chini, kila ulipotaka kuandika "ha-" ya moja kwa moja, tazama kama "-ja-" inaingia. Mara nyingi inaingia. Na mahali ambapo ameshaanza, andika "ameanza": "Ameanza kusoma maneno ya silabi tatu" ni habari njema kwa nyumba ambayo mwaka jana iliambiwa mtoto hasomi.

Neno la pili la kuangalia ni "lakini". "Anasoma vizuri lakini hati yake ni mbaya." Mzazi akimaliza sentensi hiyo amebaki na hati mbaya, kusoma vizuri kumeshamtoka. Weka nukta, kisha anza na "sasa": "Anasoma vizuri. Sasa tunafanyia kazi hati yake." Ona pia hiyo "tunafanyia". Tumezoea kuandika "Ajitahidi", "Aongeze juhudi", "Aache mchezo", amri tupu, kana kwamba mtoto ndiye peke yake mwenye kazi. Amri ibaki kwa kile kitu kimoja ambacho unataka kifanyike nyumbani. Kingine chochote kinachotokea darasani, sema "tunafanya", kwa sababu na wewe umo.

Nasisitiza haya kwa sababu ya namna ripoti inavyosomwa. Wewe unaandika ukimfikiria baba aliyekaa mezani na miwani. Katika nyumba nyingi za vijiji nilivyofundisha, ripoti ilisomwa na mtoto mwenyewe, amesimama mbele ya wazazi, au na kaka yake wa sekondari huku wadogo wote wanasikiliza. Kwa hiyo neno kama "mzito" au "mvivu" unamlazimisha mtoto alitamke juu ya nafsi yake mbele ya watu. Na pale ambapo ripoti haina cha kufanya, mzazi hutafuta cha kufanya, na cha karibu ni fimbo. Maswali mawili kwa siku yanampa mzazi kazi nyingine ya mikono yake.

Kwa walio chini, basi, nakupa yafuatayo uyatumie pale tu yanapomhusu mtoto kweli:

"Ameanza kusoma sentensi fupi mwenyewe. Tunaendelea, kila jioni asome mistari mitano kwa sauti."
"Majedwali ya 2, ya 5 na ya 10 anayajua. Sasa tunaingia la 3. Aulizwe akiwa njiani au akiosha vyombo."
"Anajibu vizuri kwa mdomo. Bado hajazoea kuandika. Kila siku aandike sentensi tatu za mambo aliyoyaona."
"Daftari lake sasa ni safi na kazi anazimaliza. Alama zitafuata, tumsaidie kwanza kwenye imla."
"Anauliza asipoelewa, na hilo linamsaidia sana. Tunarudia naye hesabu za sehemu kila Jumanne."

Hilo la mwisho usiliandike kama hakuna Jumanne. Ukiahidi kwenye ripoti, mzazi atakuuliza.

Kabla hujamwandikia yeyote wa kundi hili, fungua daftari la mahudhurio. Hili nimejifunza kwa uchungu. Nilimwandikia mvulana mmoja "Hana bidii". Alichapwa nyumbani, na shule zilipofunguliwa alikaa wiki mbili bila kurudi. Nilipomfuata ndipo nikapitia daftari mstari kwa mstari: siku alizokosa zilikuwa zilezile kila wiki, siku za mnada. Alikuwa anamsaidia mama yake kubeba vitunguu. Siku alizokuwepo, kazi zake zilikuwa nzuri. Ukweli wake ulikuwa mbele yangu miezi yote sita, nami niliandika jambo lisilo kweli kwa kalamu isiyofutika. Leo ningeandika: "Akiwepo darasani anaelewa haraka. Amekosa siku 19. Naomba tuonane tupange mahudhurio yake." Mnada na vitunguu tungevizungumza ana kwa ana. Mambo ya nyumbani hayaandikwi kwenye karatasi inayopita mikono mingi. Vivyo hivyo maradhi, michango isiyolipwa, na mashaka yako kuhusu macho au masikio ya mtoto. Ukiona anakunja uso akitazama ubao, msogeze dawati la mbele kesho asubuhi na mwite mzazi. Usisubiri ripoti.

Wa katikati ndio wanaonipa huruma zaidi. Mtoto wa mwisho tunamjua, wa kwanza tunamjua, lakini yule wa nafasi ya 37 kati ya 74 anaweza kumaliza mwaka bila mwalimu kumkumbuka kwa jambo hata moja. "Wastani mzuri" ndiyo ushahidi kwamba hatukumwona. Kwa hawa usitazame jumla wala nafasi. Weka alama za Machi na za Juni pembeni kwa pembeni, somo kwa somo, utafute kitu kilichosogea. Karibu kila mtoto anacho. Mmoja ana wastani uleule wa 28, lakini Sayansi imepanda kutoka 22 hadi 33 na Kiingereza kimeshuka kutoka 34 hadi 23. Huyo si wa wastani hata kidogo. Ana habari mbili kubwa zilizofutana kwenye jumla. Mwandikie: "Sayansi imepanda alama 11, ameifanyia kazi. Kiingereza kimeshuka, tunarudia naye msamiati, maneno matano kwa siku."

Kitu cha pili cha kutazama kwa wa katikati ni mpaka wa daraja. A inaanzia 41, B inaanzia 31, C inaanzia 21. Mtoto mwenye 39 katika Kiswahili yuko alama mbili tu kabla ya A, na pengine hajui. Fungua karatasi yake uone alama mbili zilizo rahisi kupatikana ziko wapi. Mara nyingi ni herufi kubwa mwanzoni mwa sentensi na nukta mwishoni, au methali ambayo hakuimalizia. Ukimwambia "Amebakiza alama mbili kufika A katika Kiswahili. Azingatie herufi kubwa na nukta", umemwonyesha mlango na umempa ufunguo. Ila mpaka ukiwa mbali, usiutaje. Mtoto wa 33 ukimwambia bado alama 8 apate A, umemwonyesha mlima tu.

Mengine ya kundi hili:

"Hajakosa shule muhula mzima na kazi zote amezikusanya. Sasa tunataka aongee zaidi darasani."
"Insha zake zina mawazo mazuri. Azisome tena kabla ya kuzikusanya, atayaona makosa mwenyewe."
"Hesabu za namba anazipata. Tunafanyia kazi mafumbo. Aeleze kwanza kwa mdomo swali linataka nini."
"Amekuwa kiongozi mzuri wa kikundi chake. Ujasiri huo sasa auhamishie kwenye Kiingereza, asiogope kukosea."

Walio juu unaweza kudhani hawana shida, alama zinajieleza. Hapo ndipo "endelea hivyohivyo" inapowapunja, kwa sababu mtoto wa 47 akiendelea hivyohivyo hajifunzi kitu kipya. Sifu kazi aliyoifanya, usisifu kichwa. Ukiandika "Ana akili sana", siku akikutana na hesabu inayomshinda atadhani akili imeisha, na wengine huanza kuficha daftari wasionekane wamekosea. Ukiandika "Anaonyesha njia kila hatua na anarudia kukagua majibu", umemtajia kitu anachoweza kukifanya tena kesho, hata kwenye somo gumu.

Na wao pia karatasi zao zisomwe. Mwenye 46 katika Hisabati amepoteza alama nne mahali fulani. Kama maswali yote ya vipimo ameandika namba bila "sm" wala "kg", mwandikie hivyo: "Hesabu zote za vipimo amezipata, alama nne zimepotea kwa kuacha vizio. Aviandike kila mara." Mtoto wa aina hii hupenda sana kuambiwa jambo dogo na mahususi kama hilo. Halafu mpe kazi ya kumpanua:

"Anasoma kwa ufasaha na anaelewa. Sasa asome hadithi ndefu, kisha amsimulie mtu nyumbani kwa maneno yake."
"Majibu yake ni sahihi. Tunataka aeleze na sababu: kwa nini, siyo nini tu."
"Huwaeleza wenzake bila kuwadharau. Atunge maswali yake matano ya Sayansi na majibu yake."
"Ameshika nafasi ya kwanza kwa kazi safi. Hati yake imeanza kukimbia, aandike polepole."

Lile la kuwaeleza wenzake liandike kama sifa, lisiwe ndiyo kazi yake ya kila siku. Nimeona watoto hodari wakigeuzwa walimu wasaidizi muhula mzima huku wao hawafundishwi.

Najua unawaza ripoti 74. Ukitumia dakika tatu kwa kila mtoto, ni dakika 222, yaani saa tatu na dakika 42. Usizifanye kwa mkao mmoja. Gawanya 25, 25 na 24. Na usifuate mpangilio wa nafasi, kwa sababu utaanza na wa kwanza ukiwa na nguvu na ukifika chini umechoka, ndipo "Ongeza bidii" inaporudi kwa mkono wenyewe. Anza na wa katikati, kisha walio chini, umalizie na walio juu, ambao maneno yao huja haraka. Kwa mtihani ujao jipunguzie kazi mapema: unaposahihisha, andika neno moja pembeni ya jina kwenye daftari lako la alama. "Kukopa." "Vizio." "Mafumbo." "Herufi kubwa." Siku ya ripoti nusu ya maoni utakuwa umeshayaandika.

Andika jina la mtoto akilini unapoyaandika, na ukimaliza kumi, yasome kwa sauti. Kama maoni ya mtoto mmoja yanaweza kuhamishiwa kwa mwingine bila mtu kutambua, yarudie. Watoto watano wanaweza kupata maoni yanayofanana kwa sababu wote hawajajua kukopa, na hilo si kosa. Linakwambia pia uwakusanye hao watano pamoja. Mpitishie na mwalimu mkuu yale ya watoto walio chini kabla hajaandika ya kwake, isije wewe ukaandika "amepanda" na yeye mstari wa chini akaandika "hali mbaya".

Yapo mambo ambayo mistari miwili haiwezi kuyabeba. Mtoto wa darasa la nne ambaye bado hajasoma hata silabi, mwandikie kwa ufupi kile alichoanza kukiweza, halafu mwombe mzazi aje, umwonyeshe daftari na mkubaliane mtaanzia wapi. Upimaji wa kitaifa wa darasa la nne unakuja mwishoni mwa mwaka, na kati ya sasa na wakati huo muda ni mfupi.

Shule zikifunguliwa Julai, wiki ya kwanza, mwite binti wa yule mama akuletee daftari la maswali mawili. Huenda ameyafanya siku kumi, huenda siku tatu. Yasahihishe yote mbele yake, uweke tarehe na sahihi yako, kisha mpe 602 kutoa 347 umtazame anavyoanza kwenye mamoja.